Kujibu hoja ya bajeti legevu katika insha kuhusu umiliki wa serikali

*«Ninaandika insha ya chuo inayotetea dai kwamba umiliki wa serikali huboresha matokeo ya maendeleo. Mhadhiri ametaka aya moja inayojibu hoja pinzani iliyo na nguvu kuliko zote. Niliandika hivi: "Wapinzani husema serikali haiwezi kuendesha mashirika kwa sababu ya rushwa na uvivu. Hili si kweli, kwani Singapore, Norwei na Korea Kusini zimefanikiwa, na hata kampuni binafsi zina rushwa." Amenirudishia akiwa ameandika pembeni: "Umejibu hoja dhaifu, na hata hiyo hukuijibu." Sielewi nilipokosea. Je, niongeze mifano?»*

Ndugu msomaji, usiongeze mfano hata mmoja kwa sasa. Mhadhiri wako amesema kweli mara mbili katika sentensi moja, na ni vizuri tuanze na ile ya kwanza, kwa sababu ukishaipata hoja yenye nguvu, hiyo ya pili itajieleza yenyewe.

Rushwa na uvivu ni malalamiko ya barazani. Mchumi makini anayepinga umiliki wa serikali haanzii hapo, kwa kuwa anajua kwamba malalamiko hayo yanategemea tabia za watu, na tabia hutofautiana. Hoja yake inasimama hata pale ambapo kila mkurugenzi ni mwadilifu na kila waziri ana nia njema. Aliyeipa hoja hiyo umbo lake linalojulikana ni mchumi wa Hungaria, János Kornai, alipokuwa akichunguza viwanda vya nchi yake chini ya mfumo wa kijamaa. Aliona kwamba shirika la serikali linapopata hasara halifungwi. Hupewa ruzuku, au husamehewa kodi, au benki ya serikali huliongezea mkopo, au huruhusiwa kupandisha bei. Njia ni nyingi, lakini zote humfundisha meneja jambo moja: matumizi yake hayana ukomo unaobana. Hii ndiyo inayoitwa bajeti legevu.

Angalia jinsi mnyororo huo unavyokwenda, maana aya yako yote itategemea kuuelewa pete kwa pete. Serikali ndiyo mmiliki, na shirika likianguka wafanyakazi watapoteza ajira na wananchi watakosa huduma, kisha lawama zote zitamrudia yeye. Kwa hiyo haiwezi kuliacha lianguke. Meneja analijua hilo, na wafanyakazi, wauzaji wa malighafi na wakopeshaji wanalijua pia. Kwa kuwa wote wanatarajia uokozi, hakuna anayepata sababu ya kutosha ya kubana gharama. Wakati huohuo mwanasiasa anayetaka ajira kwa watu wa jimbo lake, au bei ya chini kabla ya uchaguzi, anaweza kuagiza mambo hayo bila kuyalipia waziwazi, kwa sababu gharama itajificha ndani ya hasara ambayo hazina itaifidia baadaye. Matokeo yake ni kwamba fedha ambazo zingejenga shule na zahanati hutumika kuziba pengo la shirika, na maendeleo yanayodaiwa kuletwa na umiliki wa serikali yanaliwa na umiliki huohuo.

Katika mnyororo huo hakuna mwizi wala mvivu hata mmoja. Ndiyo maana hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana jibu lako kuhusu rushwa halikuigusa. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: andika hoja ya mpinzani kwa sentensi mbili au tatu, halafu ujiulize kama mpinzani mwenyewe angekubali kuzitia sahihi. Neno kama "uvivu" angelifuta papo hapo. Maelezo kwamba "serikali isiyoweza kuliacha shirika lake lifilisike huwaondolea mameneja sababu ya kubana gharama" angeyakubali, na pengine angekushukuru kwa kuyaeleza vizuri.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili ya maneno ya mhadhiri. Ulitumia majibu mawili yanayopendwa sana, na yote mawili hayafiki. Ulisema kwamba hata kampuni binafsi zina rushwa. Huko ni kumrudishia mpinzani tuhuma yake, na tuhuma yake inabaki ilivyokuwa. Ukithibitisha kwamba njia zote mbili ni mbaya, hujathibitisha kwamba yako ni bora. Halafu ulitaja nchi tatu. Tatizo la mifano ya namna hiyo ni kwamba haitenganishi sababu na mambo yanayoambatana nayo. Mpinzani atakuambia kwamba Norwei ilianzisha kampuni yake ya mafuta mwaka 1972 ikiwa tayari na watumishi wa umma wenye weledi na bunge linalohoji, kwa hiyo nchi ile ingefaulu kwa njia yoyote. Kuhusu Singapore atakuambia kwamba shirika lake la ndege halina safari za ndani za kulindwa, linashindana na mataifa mengine katika kila njia linayoruka, na kwamba ushindani ndio uliolinyoosha. Atakuwa na haki ya kusema hivyo. Ukiongeza mifano mingine saba ya aina hiyohiyo, atatoa jibu hilohilo mara saba, kisha atataja mashirika sabini yaliyokufa, na kwa hesabu hiyo utashindwa.

Jibu la kweli huanza kwa kuuliza ni pete ipi katika mnyororo wa mpinzani iliyo dhaifu. Ukiukagua polepole utaona kwamba pete nyingi ni imara. Ni kweli kwamba anayetarajia kuokolewa habani gharama. Ni kweli kwamba amri za kisiasa zisizo na bei iliyo wazi huongezeka. Hayo yakubali, na uyakubali kwa sauti, kwa sababu msomaji akiona umekubali lililo kweli atakuamini unapokataa lisilo kweli. Pete dhaifu ni ile ya kwanza, inayosema kwamba umiliki wenyewe ndio unaozaa matarajio ya kuokolewa. Je, ni umiliki kweli, au ni kanuni za fedha zinazolizunguka shirika pamoja na umuhimu wa shirika hilo kwa watu wengi?

Unaweza kuona kwa haraka kwamba umiliki peke yake hauelezi. Mwezi Septemba mwaka 2008 serikali ya Marekani iliiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo ulioanzia dola bilioni 85, na hadi siku ile AIG ilikuwa kampuni binafsi. Iliokolewa kwa sababu kuanguka kwake kungewaangusha wengine wengi. Hata hivyo, nakusihi usiijenge aya yako juu ya mfano huu, kwa kuwa ukiutumia peke yake utakuwa umerudi kwenye kosa la kumrudishia mpinzani tuhuma. Unafaa kuonyesha tu kwamba ulegevu wa bajeti na umiliki ni vitu viwili vinavyoweza kutengana. Ushahidi wenyewe lazima utoke upande wa pili, yaani shirika ambalo serikali inaendelea kulimiliki na bajeti yake ikaanza kubana.

Hapa ndipo penye ufundi wa kuchagua ushahidi, nami nitakaa hapa kidogo. Usilinganishe shirika la serikali la nchi moja na kampuni binafsi ya nchi nyingine, kwa sababu nchi hutofautiana kwa mambo mengi mno. Tafuta shirika moja katika nchi moja, mmiliki akiwa yuleyule kabla na baada, kisha kibadilike kile kitu kimoja ambacho wewe unadai ndicho sababu. Kama matokeo yanabadilika ilhali umiliki haujabadilika, basi umiliki haukuwa chanzo cha matokeo mabaya ya mwanzo. Na ukipata shirika la namna hiyo katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa dhaifu, utakuwa pia umelizuia lile jibu la Norwei kabla halijatamkwa.

Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote kwa kazi hii ni Mamlaka ya Maji ya Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993 nchi hiyo ilikuwa imetoka katika vita na maangamizi, na mamlaka ile ilikuwa mali ya serikali. Kati ya maji yaliyosafishwa na kusukumwa mjini, asilimia 72 yalipotea bila kulipiwa, ama kwa mabomba yanayovuja, ama kwa maunganisho ya wizi, ama kwa sababu mtumiaji alikuwa mkubwa asiyethubutu mtu kumpelekea bili. Bili zilizolipwa hazikufika hata nusu. Maji yalitoka kwa takriban saa 10 kwa siku. Kila alichotabiri Kornai kilikuwepo pale.

Mwaka huo mhandisi Ek Sonn Chan aliteuliwa kuiongoza. Kilichofuata si hadithi ya kiongozi shupavu tu, na ukiisimulia hivyo utaiharibu, kwa sababu mpinzani atasema kwamba mashupavu ni wachache. Simulia kanuni zilizobadilika. Wateja wote walihesabiwa upya na kufungiwa mita, wakiwemo maofisa na taasisi za serikali, na asiyelipa alikatiwa maji bila kujali cheo. Mfanyakazi aliyebainika kusaidia wizi wa maji aliadhibiwa, na mwananchi aliyetoa taarifa za maunganisho haramu alizawadiwa. Mtandao wa mabomba uligawanywa katika kanda, na vikundi vya mafundi vikawa vinapimwa na kutuzwa kwa kiasi walichopunguza uvujaji katika kanda yao. Mwaka 1996 mamlaka ilipewa kwa amri ya serikali uhuru wa kujiendesha kibiashara, ikiwa na bodi yake, hesabu zake na wajibu wa kufidia gharama kwa mapato yake yenyewe. Bei za maji zilirekebishwa ili ziendane na gharama. Kufikia mwishoni mwa muongo wa 2000 maji yaliyopotea yalikuwa yameshuka hadi karibu asilimia 6, kiwango ambacho miji mingi tajiri haijakifikia, na maji yalikuwa yakitoka saa 24.

Mmiliki alikuwa nani muda wote huo? Alikuwa serikali ileile. Kilichobadilika ni kwamba hasara haikuwa tena na mahali pa kujificha. Huo ndio ushahidi unaojibu hoja ya bajeti legevu, kwa sababu unagusa pete ileile ambayo mpinzani ameitegemea.

Mpinzani mwerevu hatanyamaza. Atakuuliza: nani atazuia waziri aliyefunga mkono wake leo asiufungue kesho? Hili ni swali la haki, na wengi hulikwepa. Jibu lake ni kutaja kilichofanya kanuni hizo zidumu. Shirika linalopata mapato yake kwa wateja haliombi hazina kila mwaka, kwa hiyo waziri hana nafasi ya kuweka masharti kila mwaka. Wakopeshaji wa nje walitaka hesabu zinazokaguliwa. Mwaka 2012 mamlaka ikawa kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika soko la hisa la Kambodia, ambapo asilimia 15 ya hisa ziliuzwa kwa wawekezaji na serikali ikabaki na asilimia 85, na tangu hapo kila amri ya kisiasa inayokula faida ina watu wengine wanaoiona na kuilalamikia. Hakuna kati ya hayo kinachofanya uingiliaji usiwezekane. Vinaufanya uwe na gharama inayoonekana, na katika uandishi wa kitaaluma hilo ndilo unaloweza kulidai bila kutia chumvi.

Hadi hapa wanafunzi wengi hufurahi na kuweka kalamu chini, na hapo ndipo wanapoanguka. Soma tena ulichokithibitisha. Umeonyesha kwamba shirika la serikali linaweza kufanya kazi vizuri kanuni za fedha zikibana. Lakini dai lako kuu halikuwa kwamba umiliki wa serikali hauleti madhara. Dai lako lilisema kwamba *huboresha* maendeleo. Mpinzani anaweza kukubaliana na kila ulichosema, kisha akauliza kwa utulivu: kama kanuni ndizo zilizofanya kazi yote, umiliki umefanya nini? Kwa nini kanuni hizohizo zisiwekwe kwa kampuni binafsi? Umemshinda katika hoja yake na kujishinda katika yako.

Kwa hiyo aya inahitaji hatua moja zaidi, fupi lakini ya lazima, inayosema umiliki uliongeza kitu gani ambacho kanuni peke yake zisingeleta. Kwa kawaida jibu liko kwenye manufaa ambayo hayaingii katika mapato ya shirika. Huko Phnom Penh, kaya maskini zilikuwa zikinunua maji kwa wachuuzi kwa bei kubwa kuliko ya bomba, na kizuizi chao kikubwa kilikuwa ada ya kuunganishiwa. Mamlaka iliwapa ruzuku ya ada hiyo na kuwaruhusu kulipa kidogokidogo. Kampuni inayotafuta faida peke yake ina sababu ndogo ya kuwafuata wateja wa kipato hicho, isipokuwa mkataba wake uilazimishe, na mkataba hauwezi kutaja kila jambo ambalo jamii inalitaka. Mmiliki ambaye wananchi hao ni wapiga kura wake, na ambaye watoto wao wakiugua kuhara yeye ndiye anayelipia hospitali, ana sababu hiyo.

Katika viwanda, mfano unaotumika zaidi ni kiwanda cha chuma cha POSCO nchini Korea Kusini, ambacho wewe ulikigusa bila kukitaja. Kilianzishwa mwaka 1968. Benki ya Dunia iliuona mradi huo haulipi, na kundi la kampuni za kigeni lililotarajiwa kuufadhili likajiondoa mwaka 1969. Serikali iliendelea nao kwa kutumia fedha za fidia kutoka Japani, na uzalishaji ukaanza mwaka 1973. Hapo kilichochangiwa na umiliki ni mtaji wenye subira: mtu alikubali kubeba hatari ambayo soko lilikuwa limeikataa, kwa sababu aliyahesabu pia manufaa ya viwanda vya meli na magari vitakavyonunua chuma hicho. Mimi nisingeviweka vyote viwili katika aya moja. Chagua kimoja kulingana na insha yako, na kama unazungumzia huduma za jamii, baki na maji.

Kuna ushahidi mmoja unaokupinga ambao lazima uujue kabla msomaji hajakurushia. Utafiti kuhusu Argentina uliochapishwa mwaka 2005 uliangalia manispaa zilizobinafsisha huduma ya maji katika miaka ya 1990, na ukakuta vifo vya watoto vilipungua kwa takriban asilimia 8 katika manispaa hizo, na vilipungua zaidi katika maeneo maskini. Ni utafiti mzuri, na ni wa sekta ileile unayoitumia wewe. Usijaribu kuubomoa. Utafiti huo unasema kwamba mashirika ya umma yaliyokuwepo pale kabla ya ubinafsishaji yalikuwa hayawekezi vya kutosha, na kwamba kampuni zilizochukua nafasi zilipewa malengo ya kupanua mtandao. Unaweza basi kuusoma kuwa ushahidi kwamba kutoka kwenye bajeti legevu ni faida kwa njia yoyote. Hilo linakubaliana na jibu lako, lakini linakulazimisha kupunguza dai. Huwezi tena kusema kwamba umiliki wa serikali huboresha maendeleo *daima* wala *kuliko* njia nyingine zote. Unaweza kusema kwamba huyaboresha pale ambapo bajeti inabana na manufaa makubwa yako nje ya mapato ya shirika.

Nimekuandikia aya nzima ili uone viungo vikiwa mahali pake. Usiinakili. Mhadhiri wako atatambua sauti isiyo yako kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

> Pingamizi zito zaidi dhidi ya umiliki wa serikali halihusu uadilifu wa viongozi, bali linahusu bajeti. Kwa kuwa serikali haiwezi kuliacha shirika lake lifilisike, mameneja hutarajia hasara kufidiwa na hazina, na kwa hiyo hawana sababu ya kutosha ya kubana gharama wala ya kukataa ajira na bei zinazoamriwa kisiasa. Hali hii imeyaangusha mashirika mengi ya umma, na haijibiwi kwa kutaja machache yaliyofaulu. Hata hivyo, pingamizi hili linachukulia kwamba matarajio ya kuokolewa huzaliwa na umiliki wenyewe, ilhali huzaliwa na kanuni za fedha zinazoweza kubadilishwa bila mmiliki kubadilika. Mamlaka ya Maji ya Phnom Penh ilikuwa mali ya serikali mwaka 1993 ilipokuwa ikipoteza asilimia 72 ya maji yake, na ilikuwa bado mali ya serikali kiwango hicho kiliposhuka hadi karibu asilimia 6, baada ya kufunga mita kwa wateja wote na kulazimishwa kujiendesha kwa mapato yake kuanzia mwaka 1996. Inaweza kusemwa kwamba kanuni hizo zingefanya kazi vilevile mikononi mwa kampuni binafsi, na upo ushahidi kutoka Argentina kwamba ubinafsishaji wenye masharti pia ulipanua huduma. Lakini mamlaka hiyo iliwapa maskini ruzuku ya kuunganishiwa maji, gharama ambayo manufaa yake huonekana katika afya ya jamii na si katika hesabu za shirika, na mmiliki anayebeba gharama za afya ana sababu ya kuilipa hata pale ambapo hakuna mkataba unaomlazimisha. Kwa hiyo pingamizi haliliangushi dai la insha hii, ila linaliwekea sharti: umiliki wa serikali huboresha maendeleo pale shirika linapolazimika kuishi kwa mapato yake na manufaa yanayotafutwa yanapozidi yale ambayo bei inaweza kuyakusanya.

Tazama mahali palipo neno "hata hivyo". Kila kilicho kabla yake mpinzani angekitia sahihi, na sentensi inayolifuata haitoi mfano bali inataja pete iliyo dhaifu. Mfano umekuja baadaye, na umekuja kuthibitisha jambo lililokwisha kutajwa. Ukiugeuza mpangilio huo, ukaanza na Phnom Penh kisha ukaeleza maana yake, msomaji atauona kama mfano mwingine tu wa mafanikio, na atakuwa na haki. Tazama pia kwamba hakuna "kwa hakika" wala "bila shaka yoyote". Maneno hayo huingia kwenye aya pale mwandishi anapohisi kwamba ushahidi haumtoshi, na msomaji mzoefu huyachukulia kama alama ya kumwonyesha mahali pa kubonyeza.

Aya ile ina udhaifu wake pia, nawe uujue. Phnom Penh ilipata misaada na mikopo nafuu ya wafadhili wengi katika miaka ile, kwa hiyo mpinzani anaweza kusema kwamba mabomba mapya ya wafadhili ndiyo yaliyozuia uvujaji. Ana sehemu ya ukweli. Utamjibu kwamba bomba jipya linaziba uvujaji, lakini halimfanyi ofisa mkubwa alipe bili yake, na sehemu kubwa ya hasara ya mwanzo ilikuwa ya maunganisho ya wizi na bili zisizolipwa. Kama nafasi inaruhusu, weka sentensi moja ya hilo. Kama hairuhusu, iache, lakini uwe nayo kichwani siku ya kuitetea insha. Isitoshe, mfano mmoja unaonyesha kwamba jambo linawezekana. Hauonyeshi kwamba hutokea mara nyingi, na aya niliyoiandika haikudai hivyo popote.

Jambo la mwisho linahusu insha yako nzima kuliko aya hii. Sharti tulilolifikia halilingani na dai kuu kama ulivyolitaja, lisilo na masharti. Ukiliacha dai la mwanzo jinsi lilivyo na kuweka sharti katika aya hii tu, msomaji ataona waandishi wawili wanaobishana ndani ya insha moja. Rudi kwenye utangulizi, uliandike dai upya likiwa na sharti lake, kisha pitia kila aya uone kama bado inalitetea dai hilo jipya. Hapo nakushauri usitegemee barua kama hii. Nenda ofisini kwa mhadhiri ukiwa na mambo mawili kwenye karatasi moja, dai jipya na orodha ya aya zako, umuulize ni zipi zimebaki bila kazi. Na kama unakusudia kutumia takwimu za utafiti ule wa Argentina kwa undani, mwombe mtu anayesoma takwimu za kiuchumi akae nawe akuonyeshe jinsi walivyolinganisha manispaa zilizobinafsishwa na zile ambazo hazikubinafsishwa, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya utafiti ule ilipo, na huwezi kuieleza kwa kusoma muhtasari wake peke yake.